Nafasi ya Sebastian Kwenye Kadi ya Mtoto

Habari ya mtoto ilivyoingia kwenye grupu, Bupe alikuwa amemkaba mteja shingo. Mteja mwenyewe baba mzima, ana bucha lake Gongo la Mboto, watoto wake wanasoma. Kosa lake dogo tu: kasema mzani wa Bupe unaiba. Mzani wa Bupe! Angesema mama yake Bupe ndo mwizi, angepona na kofi moja.

"Rudia," Bupe anamwambia. Mkono wa kulia uko kooni kwa mtu, wa kushoto umeshika ndoano ya kuning'inizia nyama. "Rudia, baba, nisikie vizuri."

"Shikamoo dada," akasema mteja.

Baba wa miaka hamsini anamwamkia binti wa ishirini na saba. Wabeba nyama wakacheka mpaka mmoja akadondosha mguu wa ng'ombe. Hapo hapo simu zikaanza kulia mifukoni, moja, mbili, kumi, kama zimeambizana. Bupe akamwachia yule baba, akajifuta mkono kwenye aproni, akasoma.

"Assalam alaykum wenzangu. Mke wangu Somoe kajifungua juzi mchana, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Mama na mtoto wazima, wamesharudi nyumbani Chanika. Alhamdulillah. Mwinjuma."

Sasa kama hupajui pale, machinjio ya Mzee Abdulrahman iko Pugu, ukiacha lami unaifuata kwa pua. Saa kumi na mbili asubuhi sakafu nyeusi, saa moja nyekundu. Watu wa pale hawaulizani umeamkaje, wanaulizana kisu umenoa? Ugomvi wao hauna wiki ya mapumziko. Bupe, karani wa mzani, ndo mtoto wa kike pekee anayeingia katikati ya wanaume wawili wenye visu akatoka na visu vyote viwili. Kovu analo, mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko mpaka karibu na saa. Tutafika huko.

Grupu likachafuka. Kila mtu hongera, hongera braza, hongera baba binti. Gaudens, mbeba nyama, mwili kama jokofu na mdomo mkubwa kuliko mwili, akatuma stika ya kichanga kinacheza singeli. Mwanakombo, mama wa chai na chapati pale getini, akatuma sauti ya dakika mbili, dakika moja na nusu vigelegele vitupu. Hongera arobaini ndani ya dakika tano.

Bupe akafanya kile anachofanyaga kila siku, akaangalia nani kasoma na hajajibu. Alikuwa mmoja. Sebastian, mchuna ngozi. Tiki mbili za bluu, kimya.

"Haya, imeanza," Bupe akasema peke yake.

Ishu ilikuwa hivi. Mwinjuma ndo mchinjaji mkuu, Mzaramo wa Chanika kabisa kabisa, babu na babu. Sebastian ni Mnyamwezi wa Tabora. Hao ni watani, kila mtu anajua, na zamani walikuwa wanataniana mpaka ng'ombe wanashangaa. Huyu anamwibia mwenzie viatu, yule anapiga simu kwa mama mkwe wa mwenzie kutangaza msiba wa uongo. Hakuna aliyekasirika. Mtani hakasirikiwi.

Miaka miwili iliyopita Somoe akazaa mtoto wa kiume, akaishi siku nne. Machinjio nzima ilienda Chanika kuzika. Bupe alibaki uani na kina mama, kama desturi, wanaume wakaenda makaburini. Waliporudi, walirudi na vumbi kanzuni na midomo imefungwa. Mwinjuma vifundo vya vidole vimechubuka. Sebastian kavimba jicho. Watani huwa wanafanya vituko msibani, hilo Bupe analijua. Kituko gani kilifanyika, neno gani lilisemwa, hakuna mwanaume hata mmoja aliyekubali kulirudia. Hata Gaudens! Gaudens ambaye hajawahi kunyamaza hata akiwa anakula.

Siku ya tatu baada ya mazishi wawili hao wakakutana kwenye korido ya mizoga, visu mkononi. Yaani kilichofuata ni sekunde kumi tu. Mwinjuma alirusha, Sebastian akakwepa, akarudisha, nusu ya sikio la kushoto la Mwinjuma ikadondoka kwenye mfereji na maji ya damu yakaondoka nayo. Bupe aliingia katikati kwa mkono wa kushoto. Ndo hilo kovu. Mzee Abdulrahman akawaita wote wawili, akawaambia neno moja: kisu kikiinuliwa tena, hapa au popote, wote wawili nje, na hakuna machinjio Dar hii itakayowapokea.

Tangu siku hiyo wanafanya kazi hatua kumi, Mwinjuma anachinja, Sebastian anachuna ng'ombe yule yule, na hawajasalimiana.

Kadi za machinjio ni idara ya Bupe. Hakuchaguliwa, alijipa. Mtu akioa, akiuguliwa, akipata mtoto, Bupe anaenda stationari kuchagua kadi kubwa, ile inayofunguka kama gazeti. Ya safari hii ilikuwa na mwezi na nyota za dhahabu, na maandishi Hongera kwa Kupata Mtoto. Alikataa yenye picha ya kichanga cha Kizungu. "Mtoto wa Chanika huyu," alimwambia muuzaji. "Nipe kitu kinachofanana na watu."

Katikati aliandika ujumbe wa wote, kwa mwandiko wake ule wa vikaratasi vya mzani, herufi zimesimama wima kama askari:

"Mpendwa Mwinjuma na Mama ..............., sie wenzako wa machinjio tumefurahi sana kusikia mmepata binti. Tunamshukuru Mungu kamtoa Somoe salama. Mungu amkuze mtoto, awape afya, awape na nguvu za kuamka usiku. Zamu zako tutazishika mpaka utakaporudi, usiwe na haraka. Hongereni sana."

Nafasi ya jina akaiacha nukta tupu, makusudi. Mtoto wa Kiislamu jina linatoka siku ya saba, kwenye akika. Mwaka juzi kuna mtu alikurupuka akaandika jina alilolisikia kwa jirani, kumbe bibi mzaa baba kalikataa. Kadi ikageuka kesi ya ukoo.

Kadi ilikaa ofisini ndani ya mfuko wa nailoni, na nje ya mlango Bupe akaweka ndoo ya maji moto na sabuni ya unga. Sheria ya kwanza: hakuna damu. Unanawa mpaka kiwiko, unamwonyesha vidole, ndo unapewa peni.

"We nesi au karani?" Gaudens akauliza, kidole gumba kina ukoko mwekundu.

Bupe akamchapa ule mkono kwa rula ya chuma. "Nawa."

"Aaah! Umenivunja!"

"Una vingine tisa. Nawa."

Sheria ya pili, kila mtu anaandika mwenyewe, hakuna kuniandikia na mimi. Sheria ya tatu, hakuna kusifia unene wala uzuri wa mtoto bila mashallah, watu wa pwani wanaogopa kijicho na wana haki yao. Ya nne haikuwepo, ilizaliwa pale pale baada ya Gaudens kuandika: "Hongera braza. Karibu kwenye chama cha wasiolala. Mungu amjalie asifanane na wewe."

Bupe alisoma. Akafunga kadi taratibu. Akamtandika Gaudens ngumi ya tumbo, ile fupi, ya ndani.

"Mtoto hafananishwi na mtu kwenye kadi!" akasema. "Mama mzazi anasoma hii kalala na mishono. Unataka aanze kukagua pua?"

"Utani jamani," Gaudens anakohoa.

"We Mhaya, hutaniani nae. Haya." Akabandika ua la karatasi juu ya sentensi ya mwisho, likabaki kama vile lilikuwa pambo.

Mwanakombo aliandika, "Somoe mwanangu, pole kwa uchungu, hongera kwa zawadi. Nakuja kukupikia uji wa pilipili manga, usinyanyue ndoo." Daktari Tekla, mkaguzi wa nyama, mama mpole mwenye miwani, aliandika, "Hongera Mwinjuma. Mmelea vizuri mimba, sasa leeni mtoto," halafu, sijui alishikwa na nini, akagonga pembeni ule mhuri wake wa zambarau wa kupitisha nyama. IMEKAGULIWA. Ofisi nzima ikalala chini kwa kicheko. Mzee Abdulrahman akaandika dua kwa Kiarabu na kusaini kirefu kama hati ya kiwanja.

Ikabaki nafasi moja, kona ya kulia chini, kama kiberiti hivi.

Bupe alimfuata Sebastian kwenye ndoano. Alikuwa anavua ng'ombe ngozi, kisu kinateleza kati ya ngozi na nyama, kelele yake kama mtu anachana shuka.

"Seba. Kadi."

"Nimeiona."

"Sijakuuliza kama umeiona. Njoo unawe."

Kisu kikasimama. "Nikiandika, atasema namkebehi. Nisipoandika, atasema simtakii mema. We niambie, niandike nini?"

"Andika hongera. Herufi saba, Seba. Hata watoto wa chekechea wanaiweza."

"Unajua mie nilichosema siku ile?"

"Sijui. Mnaficha kama siri ya jeshi."

Sebastian akafungua mdomo. Na pengine angesema, na mambo yote yangeishia hapo. Lakini Gaudens alikuwa anapita na paja la ng'ombe begani, na Gaudens akiona ukimya anaona mali ya bure.

"Mwache dada Bupe! Anatafuta cha kuandika. Aandike, nimekurudishia sikio."

Sebastian akamgeukia. Aliweka kisu chini, kwa adabu kabisa, halafu akamrukia. Paja la ng'ombe likaenda huku, Gaudens huku. Wakabiringika kwenye maji ya damu, Sebastian juu, anapiga uso ule ule, pah, pah, pah, kama mtu anapigilia msumari. Gaudens akamng'ata bega. Mtu akapiga kelele kisu! Bupe akavuta ile ndoo yake ya maji moto, akawamwagia wote wawili, na yalipobaki matone mawili akaishusha ndoo yenyewe kichwani kwa Sebastian.

Wakaachana. Gaudens jino limelegea, bado anacheka, mpumbavu yule. Sebastian akasimama, maji na damu vinamchuruzika, akamwangalia Bupe.

"Usiniandikie," alisema. "Chochote. Usiniandikie."

Akaondoka. Jumatano hakuja. Alhamisi hakuja. Ijumaa simu yake haipatikani.

Na akika ni Jumamosi. Ijumaa mchana Bupe kakaa na kadi mbele yake, na ile kona tupu inamtazama. Alishaihesabia pande zote. Mwinjuma atafungua kadi, atapita jina moja moja, atafika pale. Mtu aliyezika mtoto mmoja hahitaji kuambiwa maana ya jina lililokosekana. Atasema Seba kanuna mtoto wangu kuzaliwa. Atasema ana lake jambo. Jumatatu atarudi kazini na hilo kichwani na kisu mkononi, hatua kumi kutoka kwa mtu.

Akakumbuka kadi ya Mwanakombo. Mjukuu wa Mwanakombo alivyozaliwa, Sebastian aliandika, "Mtani wangu, mtoto huyo ni wangu, nakuja kumchukua, andaeni uji." Mwanakombo naye Mzaramo, alicheka wiki nzima, kadi kaitundika ukutani mpaka leo. Huo ndo utani, Bupe akajiambia. Wakianza tena kutaniana, wamepona. Mtu anatakiwa tu awashe moto.

Akasahau sheria yake ya pili. Si kwamba aliisahau, aliisogeza. Akachukua peni ya rangi nyingine, akalaza mwandiko kidogo, akajaza kona: "Hongera mtani. Huyu ni wangu, nakuja kumchukua. Sebastian."

Akafunga bahasha, akalamba gundi, akajisikia fundi.

Jumamosi saa nne asubuhi Chanika ilikuwa inanukia vitunguu. Nyumba ya Mwinjuma haijapigwa plasta, uzio wa michongoma, nyuma kuna shamba la mihogo. Kina mama wamejaa ndani kwa Somoe, wanaume mkekani nje. Mtoto kashanyolewa, jina limeshatangazwa: Najat. Mbuzi wa akika Mwinjuma alimchinja mwenyewe na kumgawa mwenyewe, kiungo kwa kiungo, anapita kwenye maungio tu, maana mbuzi wa akika havunjwi mfupa. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi taratibu, kama anafungua zawadi. Bupe hajawahi kumwona anatabasamu muda mrefu hivyo.

Akaingia kwanza kumpongeza Somoe, akamkabidhi kitenge na beseni, akamshika mtoto kwa uoga kuliko alivyowahi kushika kisu. "Mashallah," akasema haraka, kabla hata hajamwangalia usoni. Halafu akatoka kumpa baba kadi.

"Hii ya kwetu sote," alimwambia Mwinjuma. "Kila mtu yumo."

Mwinjuma akakiosha kile kisu cha mbuzi, akakichomeka kiunoni, akafuta vidole kimoja kimoja kwenye taulo. Akafungua. Akasoma ujumbe wa katikati, midomo inacheza. Akasoma wa Mwanakombo akasema aaah. Akaona mhuri wa Daktari Tekla akacheka kwa sauti. Akafunua lile ua la Gaudens kwa ukucha, akasoma kilicho chini yake, akamtupia Gaudens mfupa. Watu mkekani wanacheka.

Akafika kona ya kulia chini.

Bupe aliona cheko likimtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye beseni lililopasuka. Alisoma mara moja. Akasoma tena. Nusu ile ya sikio ikawa nyekundu.

"Yuko wapi?" Mwinjuma akauliza, sauti ndogo.

Na kwa bahati mbaya iliyopitiliza, alikuwa anaingia. Sebastian, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vimepigwa rangi, kakumbatia chupa kubwa ya asali ya Tabora kama mtu kabeba mtoto. Kumbe siku tatu zile alikuwa Ubungo, anazungukia mabasi ya Tabora kusubiri mzigo wa mama yake. Alisimama kwenye upenyo wa michongoma, akavua kofia.

"Hodi," akasema.

Mwinjuma hakumkaribisha, alimfikia. Ngumi ya kwanza ilitua mdomoni na Sebastian akaenda nayo mpaka kwenye miiba. Chupa ikapasuka. Ya pili shavuni. Ya tatu mtu akasikia kitu kimesema ka! puani. Sebastian hakurudisha hata moja, mikono yake iko wazi tu, inachuruzika asali.

"Umchukue?" Mwinjuma anasema, na kila neno na ngumi yake. "Na huyu umchukue? Eh? Umchukue?"

Watu wakanyanyuka. Gaudens akamdaka Mwinjuma kiunoni kwa nyuma, lile jokofu zima. Mwinjuma akajipinda, akamtupa, Gaudens akaangukia kwenye masufuria, mchele mbichi ukaruka juu kama harusini. Ndani kina mama wakaanza kupiga mayowe. Halafu mkono wa Mwinjuma ukaenda kiunoni, na kisu kikatoka.

Bupe alishakimbia kabla hajajua kakimbia. Miaka miwili iliyopita aliingia kwa mkono, leo kaingia mzima. Kiwiko cha Mwinjuma kikampata mdomoni, akasikia jino linaondoka, akatema bila kuangalia, akaning'inia kwenye ule mkono wenye kisu. Kisu kikashuka. Sebastian akakidaka kwa kiganja. Damu ikatoka, ikachanganyika na asali, na wote watatu wakawa wameshikana hivyo, wanahema.

"Ni mie!" Bupe akapiga kelele, mdomo umejaa damu. "Nimeandika mie! Seba hajaigusa hiyo kadi! Mie!"

"Unamtetea."

"Angalia mwandiko! Miaka mitano unapokea vikaratasi vyangu vya mzani, Mwinjuma! Angalia hiyo K! Nani mwingine anaandika K yenye mguu mrefu?"

Kadi ilikuwa mchangani, imefunguka. Mwanakombo akaiokota, akaipeleka mbele ya macho ya Mwinjuma. Mwinjuma akaangalia kona. Akaangalia katikati. Akaangalia kona tena. Peni tofauti, mwandiko umelazwa, lakini K zimesimama kama askari, miguu imewatoka.

Mkono ukalegea. Bupe akakichukua kisu, akakirusha mbali kwenye mihogo.

"Kwa nini?" Mwinjuma akamuuliza. Sasa sauti yake ilikuwa kama ya mtu mgonjwa. "Bupe, mdogo wangu. Kwa nini maneno hayo?"

"Si utani? Alimwandikia Mwanakombo hivyo hivyo."

Wanaume wote waliokuwepo makaburini siku ile wakaangalia chini. Gaudens, mchele umemjaa kichwani, akajifanya anaokota sufuria.

"We hukuwepo," Mwinjuma akasema. "Kaburi la mwanangu limechimbwa, dogo hivi. Huyu akaingia ndani. Akalala. Kama watani wanavyofanyaga, alipwe ndo atoke. Akasema, huyu ni wangu, namchukua, leteni mwingine." Akajifuta uso kwa mkono wenye damu ya mtu. "Ungekuwa msiba wa babu yangu, watu wangecheka. Mie nilikuwa nimembeba mtoto mkononi."

Hapo Bupe akakaa chini, pale pale kwenye mchanga. Alikuwa kapigana na wanaume wa kila saizi, hakuna aliyewahi kumkalisha.

"Nilikuwa nataka ucheke," Sebastian akasema kupitia pua iliyovunjika. Neno la kwanza kwa Mwinjuma ndani ya miaka miwili. "Ulikuwa hulii. Tangu mtoto afariki hulii, husemi. Nikasema hata akinitukana, angalau. Nimelala mle ndani, nikakuangalia kutoka chini, nikajua nimeharibu. Nikashindwa kutoka."

Kuku mmoja alikuwa anakula mchele.

Sauti ikatoka dirishani, nyuma ya pazia, sababu Somoe yuko ndani ya arobaini na hatoki. Haikuwa kali, ilikuwa imechoka.

"Baba Najat. Mpe peni."

"Nini?"

"Kadi ina nafasi yake. Aandike mwenyewe, nisome mwenyewe. Mkimaliza mje mtoe mbuzi jikoni, anaungua."

Mwinjuma akachukua kadi kwa Mwanakombo, akafuta mchanga kwenye suruali yake, akamnyooshea Sebastian. Hakumwangalia.

Sebastian akaipokea kwa mkono unaochuruzika.

"Nawa kwanza!" Bupe akaropoka kutoka chini, meno ya mbele pengo, damu kidevuni. Ilimtoka tu, mazoea. Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mwanakombo akaleta maji, akamwosha kiganja, akakifunga kwa upande wa mtandio wake. Sebastian akapiga magoti, akaweka kadi kwenye kigoda. Akachora mstari mmoja juu ya maneno ya Bupe, na chini yake, kwa herufi ndogo za kubanana, akaandika kwa muda ambao ungetosha kuchuna mbuzi.

Mwinjuma akasoma. Akaipeleka dirishani, mkono ukaichukua nyuma ya pazia, na Somoe akasoma kwa sauti, kila mtu akasikia.

"Hongereni. Huyu ni wenu. Abaki kwenu, azeekee kwenu. Na yule mnisamehe. Sebastian."

Ndani mtoto akalia, kile kilio cha njaa, kifupi kifupi. Mwinjuma akageuka upande wa mihogo, mabega yanatikisika, na watu wakamwacha, wakajifanya wanapanga masufuria. Alilia hivyo, mtoto akanyamaza kabla yake.

Kisha akasafisha koo. Akaongea na Gaudens, sio na Sebastian, ingawa Sebastian alikuwa hatua mbili tu.

"Mwambie huyo mtani, pilau ya hapa sio ya watu wa Tabora. Yeye akalambe asali yake hapo kwenye mchanga."

Gaudens akafungua mdomo, akaufunga. Hata yeye alilisikia lile neno. Mtani. Sebastian akainua uso wake uliovimba kama andazi.

"Mwambie huyo Mzaramo," akasema, "mie nataka paja."

Bupe akajinyanyua, akalitafuta jino lake mpaka akalipata, akalifunga kwenye tishu. Halafu akaenda dirishani, akanyoosha mkono, anatafuta peni.

"Naomba kadi mara moja, wifi. Nijaze jina la mtoto pale kwenye nukta."

Mkono mwingine ukaiwahi peni kabla yake. Mwinjuma.

"We," alimwambia, "kwenye kadi hii hushiki tena peni."

Akampitishia mkewe peni dirishani, na Somoe akaandika mwenyewe.